Tulichokiona Sote

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Tangu alfajiri imekuwa ikipiga bati la kiwanda chetu cha mikate, kelele tupu, ukisema kitu husikiki. Leo kelele hizo zimetufaa, maana mimi na mdogo wangu hatusemezani.

Naandika kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia. Mume wangu alishatangulia, wanangu wameoa na kuolewa huko mbali. Waliobaki karibu ni mdogo wangu, mkewe na watoto wao wawili. Naandika wawili, halafu nakumbuka. Ni mmoja sasa. Tulimzika Kidoti mwezi uliopita.

Kiwanda tuliachiwa na baba. Mimi nakanda na kukata, mdogo wangu anachochea tanuri na kuoka. Naweka madonge kwenye trei, anachukua trei. Mkono wangu na wake hupishana kwenye meza ileile mara nyingi sana kwa siku, na siku zote hizi hakuna aliyemwambia mwenzake hata "habari ya asubuhi".

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Unga umegoma kuumuka, baridi. Nimefunika beseni kwa blanketi kama mgonjwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimetoka kanisani nikapitia kwa wifi yangu. Mdogo wangu hakuwepo, na mimi nilijua hatakuwepo, ndiyo maana nikaenda. Wifi amekonda. Chiriku, yule mdogo, alikuwa chini ya meza akimpigia kelele mwanasesere. Jina la Chiriku nilimpa mimi, kwa mdomo wake usiopoa. Dada yake alipewa Kidoti kwa alama ndogo nyeusi juu ya mdomo. Alizaliwa na moyo mbovu. Tulijua, lakini kujua hakukutuandaa.

Niandike yaliyotokea, nisije nikajidanganya baadaye. Mdogo wangu aliacha kusali miaka mingi iliyopita. Hakugombana na mtu, aliacha tu, na sisi tukalifanya utani: siku moja ataota ndoto atarudi. Kidoti alipofariki, wifi akataka mazishi ya kanisa. Mdogo wangu akakubali kwa ajili ya mkewe, akaomba jambo moja: sala iwe fupi, pasiwe na mahubiri. Mimi ndiye niliyeambiwa nimfikishie mchungaji. Nikamfikishia nusu nusu. Nilijiambia kwamba neno la Mungu halijawahi kumdhuru mtu.

Mchungaji akahubiri. Akasema Mungu anapopita bustanini huchuma ua zuri kuliko yote. Mdogo wangu akageuka akaondoka kaburini, udongo haujarudishwa.

Nyumbani, mbele ya watu, aliniambia kwamba mimi na mchungaji wangu tunamwimbia muuaji, na kwamba dini yetu ni hadithi ya kubembelezea watoto. Nami nikamjibu. Nikasema, "Sisi tumemsindikiza kwa Mungu. Wewe ndiye uliyemfukia."

Alisema kwa sauti ndogo, "Usinitajie tena jina lake." Tangu siku hiyo ndiyo kimya hiki.

Jumatano, 13 Machi

Kuni zimelowa, moshi umetutoa machozi wote wawili. Mteja mmoja akatupa pole. Tukaitikia pamoja.

Jumanne, 19 Machi

Mchungaji alikuja kiwandani. Nilimwita mimi, nikidhani mtu mwenye elimu ya dini atamfungua. Mdogo wangu alimpokea vizuri, akamfutia kiti unga, akampa mkate wa moto. Mchungaji akamweleza kwamba kumkasirikia Mungu si dhambi, hata watu wa zamani walimkasirikia, mradi mtu arudi. Mdogo wangu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante, mchungaji. Mkate utapoa," akarudi kwenye tanuri.

Mchungaji akaninong'oneza kwamba ni kiburi, tuzidi kuomba. Nikaitikia. Lakini nilipokwenda nyuma kuchukua magunia, nilimkuta mdogo wangu amesimama katikati ya kuni, ameziba uso kwa aproni. Mtu mwenye kiburi sijawahi kumwona akisimama vile.

Jumamosi, 23 Machi

Nimejaribu kuomba radhi. Nimesema, "Mdogo wangu, nisamehe kama nilikukosea."

Akaweka chini sepeto la kuingizia mikate. "Kama?" akaniuliza.

Nikasema basi, si unajua mtu akiwa na uchungu. Akasema anajua. Akainua sepeto lake. Imekuwa mbaya kuliko jana.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo tumesemezana, na afadhali tungenyamaza. Nilianza mimi. Nikamuuliza, kama Mungu hayupo, huo upendo aliokuwa nao kwa mtoto umetoka wapi? Akaniuliza, kama yupo, moyo mbovu umetoka wapi? Nikamjibu, akanijibu. Nilitoa kila nililowahi kusikia kanisani, naye alikuwa na jibu la kila moja, na majibu yake mimi nilishayasikia tangu ujana wake. Tulizunguka palepale kama ng'ombe wa kinu. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake. Kila mmoja alikuwa akingoja zamu yake ya kusema.

Trei nzima imeungua. Tukaitazama ile mikate myeusi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba sitamgeuza mtu huyu. Si leo, si mwaka kesho. Na yeye hatanigeuza mimi. Nimekuja nyumbani nikalia, maana kumbe muda wote huu nilikuwa nikiita ushindi wangu amani.

Jumamosi, 6 Aprili

Wifi amekuja. Wanagombania jiwe la kaburi. Fundi mawe anataka maneno. Wifi anataka mstari wa maandiko juu ya ufufuo. Mumewe anasema hatasimama mbele ya jiwe la mwanawe likisema jambo asiloliamini. Wifi amesema wakiendelea hivi atamchukua Chiriku aende kwao kwa muda. Akanitazama nimsaidie. Miezi miwili iliyopita ningesimama upande wake mara moja. Leo sikujua niseme nini.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua mchana na usiku. Redio inasema mto umefurika ng'ambo ya mji.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Tulipomaliza kuoka nikachukua jembe, nikaenda makaburini. Nilikuwa na wasiwasi na lile tuta, udongo wake mpya na mvua hii. Nilikuta mtu ameshanitangulia. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Tuta lilikuwa limezama upande mmoja, maji yamechimba mfereji miguuni. Yeye alikuwa akirudisha udongo kwa mikono. Jembe lake lilikuwa pembeni, nadhani aliogopa kulitumia.

Nikachimba mfereji mwingine juu, maji yapite kando. Yeye akashindilia udongo, mimi nikaleta mawe ya kuzuia. Tulifanya kazi kama tunavyofanya kiwandani, bila kuelekezana. Tulipomaliza tukakaa kwenye ukingo wa saruji wa kaburi la jirani, tumelowa chepechepe.

Nikamwambia, "Nilikukosea. Uliniomba jambo dogo, sikulifikisha. Na lile neno la kufukia nilikuwa nimekusudia likuume."

Akasema naye alijua kwamba mimi ndiye niliyemwosha Kidoti, na bado aliniita mwimbaji wa muuaji mbele ya watu. Akasema, "Nilikuonea, dada."

Nikamwambia aniambie anavyoona yeye, na mimi sitamjibu. Akacheka kidogo. Akasema siwezi. Nikasema nitauma ulimi.

Basi akasema. Alikuwa ameshika mguu wa mtoto pumzi ilipokatika, na alijua palepale kwamba imekwisha, yote. Kila alichonacho cha Kidoti ni ile miaka tisa. Watu wakimwambia mtoto yuko mahali pazuri zaidi, wanaona wanamfariji.

Akaniuliza, "Nimesema nini?"

"Umesema umemkasirikia Mungu."

"Hapana. Hilo ndilo mchungaji anasema juu yangu. Siwezi kumkasirikia nisiyeona kwamba yupo. Nimesema nini?"

Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilikuwa na mistari mitatu tayari. Nikaimeza, nikafikiri. Nikasema, "Tukisema yuko pazuri zaidi, wewe unasikia tunasema kwako palikuwa pabaya."

Akainama, akashika kichwa. "Hapo sasa," akasema. "Hapo umenisikia."

Kisha akaniambia na mimi niseme. Nikamwambia nikifunga macho namwona Kidoti, na sijui lini lakini nitamshika mkono tena. Nikamwambia akiita jambo hilo hadithi ya kubembelezea watoto, ananiita mimi mtoto, na marehemu mama yetu anamwita mjinga. Na tena asidhani imani inanipunguzia. Naamka usiku kama yeye.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani nyinyi hamuumii," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mnaimba."

Akajaribu kurudia nilichosema. "Unasema hujiliwazi. Unasema ndivyo ilivyo kwako."

"Si kwangu. Ndivyo ilivyo."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani ataanza ubishi. Akasema, "Basi hapa ndipo tunapoachana."

"Hapa," nikasema.

Ilikuwa ajabu. Neno lilikuwa chungu, lakini mabega yangu yalishuka. Kwa mara ya kwanza tulijua mahali penyewe.

Baada ya hapo tukaanza kupanga, maana tunafanya kazi pamoja na lazima tule pamoja. Mezani nitasali kama nilivyozoea, kwa ufupi. Yeye atangoja na kijiko chini, lakini hatafumba macho na mimi sitamtazama kama amefumba. Nitamwombea, hilo hawezi kunizuia, ila sitamwambia na sitawatuma watu wa kanisa kwake. Yeye anaweza kusema haamini, ila neno hadithi hatalitumia tena, wala mzaha. Mmoja akiona mwenzake amevuka, aseme "hapa ndipo", na tunyamaze palepale, bila kumalizia sentensi. Hilo la kutomalizia sentensi alilisisitiza. Ananijua.

Mwishoni nikamuuliza juu ya jina. Aliniambia nisilitaje.

"Litaje," akasema. "Watu wameanza kuniita Baba Chiriku, eti wananionea huruma. Mimi ni Baba Kidoti."

"Twende, Baba Kidoti," nikamwambia. "Utaugua."

Jumatano, 17 Aprili

Ameugua. Mafua. Nimeoka mwenyewe, mikate imetoka kama matofali. Nimempelekea mmoja akaugonga mezani, akasema ungefaa kuzuia maji kule makaburini.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumekula kwa wifi. Nilisali, nikafupisha. Kijiko chake kilikuwa chini. Wifi alitutazama kwa zamu kama anayeangalia watu wanaovuka daraja bovu.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeharibu.

Kiwandani jana alikuwa mchangamfu, anapiga mluzi, na mimi kwa furaha nikasema, "Unaona? Wenzako kanisani tunakukumbuka." Sikusema tunakuombea. Nilidhani nimekwepa. Mluzi ukakatika. Akasema, "Hapa ndipo," na mimi badala ya kunyamaza nikaanza, "Mimi nilitaka tu..." Akavua aproni akaenda zake, tanuri linawaka.

Nimekwenda kwake leo mchana. Sikuingia, nilisimama mlangoni. Nikasema nimevunja mara mbili, kwa kuanza na kwa kutaka kumalizia. Sikusema lile "kama". Akanisogezea kigoda. Tukaangalia mvua. Baadaye akaniambia kwamba hata yeye juzi alimwambia mteja mmoja kwamba dada yake bado anasubiri malaika, na wakacheka. Alisema sikuwepo, lakini alivunja.

Iliniuma sana. Nikamwambia imeniuma. Akasema anajua. Nimeona kwamba patano hili si kama mlango uliopigwa misumari. Ni wa kurudishia kila siku, maana upepo unaufungua.

Na kuna kitu kingine, nikiandike ingawa kinanisumbua. Faraja pekee niliyonayo ndiyo nisiyoweza kumpa mtu ninayempenda kuliko wote. Nikimwona ameinamia moto, neno linanijaa kinywani na nalirudisha. Ndiyo bei. Yeye naye bila shaka anarudisha lake.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imepungua. Tumezungumza juu ya jiwe, mimi, wifi na mdogo wangu, mezani kwao.

Wifi alianza kwa kusema mtoto alikuwa wake pia. Mumewe akakubali. Akasema kama hana njia nyingine, aandike mstari wake, yeye atakwenda makaburini lakini hatausoma. Wifi akasema hataki jiwe ambalo baba wa mtoto ataliangalia kwa kando. Wakanigeukia. Nikasema, jamani, mimi sina kura, ila naona tunapigania mahali alipo, na hapo hatutakutana. Je, hakuna tunalokubaliana?

Wifi akasema taratibu, "Tuandike tulichokiona sote."

Tukaanza. Aliimba kwa sauti kubwa na vibaya. Alidanganya kwenye karata na hakuweza kuficha. Aliwauliza madaktari maswali mpaka wakamkimbia. Alimfundisha Chiriku matusi ya heshima, "wewe kiazi wewe". Wifi alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio, na mumewe akamshika. Nilitazama dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kukaa watatu na kumlia mtu yuleyule.

Jiwe ni dogo, haya yote hayawezi kuingia. Tumepatana neno moja: Alitufurahisha. Juu yake jina na miaka. Wifi alilikubali, lakini alipokuwa akinisindikiza aliniambia ule mstari atauweka kwenye Biblia yake, ukurasa ulioandikwa jina la Kidoti, na hakuweza kuniaga. Amepoteza kitu leo. Nisilipambe jambo hili.

Jumanne, 14 Mei

Fundi mawe ameanza kuchonga. Jua limetoka, unga umeumuka mpaka ukamwagika.

Jumamosi, 25 Mei

Jiwe limesimamishwa asubuhi. Hakuja mchungaji, nilimwomba asije, na safari hii nikamfikishia ombi lote. Hakupendezwa, lakini hakuja. Mimi na wifi tulisali kimoyomoyo. Mdogo wangu alisimama nasi mpaka mwisho, macho wazi, mkono juu ya jiwe. Hakuondoka.

Tulirudi kiwandani, maana mikate haijui msiba. Chiriku tulikuwa naye, amekaa juu ya magunia ya unga, miguu inaning'inia. Muda mrefu hakusema kitu, na kwa Chiriku hilo ni jambo la kutisha. Kisha akauliza, "Kidoti yuko wapi sasa?"

Mikono yangu ilisimama kwenye unga. Hili ndilo tuliloliogopa kuliko yote, na hatukuwahi kulipanga. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu nikiwa mdogo kama yeye. Nikamtazama baba yake.

Yeye akafuta mikono, akaja akachuchumaa mbele ya magunia. "Shangazi yako na mama wanaamini yuko kwa Mungu," akasema, "na kwamba watamwona tena. Si watu wa kudanganya. Mimi naamini hayupo tena, amebaki kwetu tunaomkumbuka. Ukikua utaona mwenyewe, na hakuna atakayekukasirikia."

Aliyatamka maneno yangu vizuri, kama ambavyo ningeyatamka mimi.

Chiriku akanigeukia kuhakikisha. "Ni kweli, shangazi?"

"Ndivyo tunavyoamini," nikasema. "Mimi hivyo, na baba yako vile. Na wote tunamkosa."

Akafikiri, akipiga visigino kwenye gunia.

"Nani anamkosa zaidi?" akauliza.

Mdogo wangu akainuka akafungua tanuri, nami nikaanza kumpa trei.